Uzi: Bei ya punguzo ninayo, asilimia ninayo; bei ya awali naipataje bila kukosea?

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni. Ninatunza hesabu za duka la vyombo vya nyumbani hapa Mwanza, na nimekwama katika kazi ambayo nilidhani ingenichukua nusu saa. Mwezi uliopita tajiri wetu aliuza bidhaa nyingi kwa punguzo la 15%, na chache kwa 30%, na vijana wa dukani wakabandika lebo mpya badala ya zile za zamani bila kuandika popote bei ilikuwa ngapi. Daftari la bei tulilokuwa tukilitegemea limelowa maji yaliyovuja darini, na kurasa zake hazisomeki tena. Sasa msimu wa punguzo umekwisha, na nimeagizwa kurudisha kila bei mahali ilipokuwa.

Nilianza hivi: nilitafuta 15% ya bei iliyo kwenye lebo, kisha nikaiongeza. Birika la umeme lina lebo ya shilingi 68,000. 15% yake ni 10,200. Nikajumlisha nikapata 78,200. Nikabadilisha lebo za bidhaa kumi na moja kwa njia hiyo. Jana nilipokuwa stoo niliona katoni ya birika lile lile ambayo haikuguswa wakati wa punguzo, na lebo yake inasema 80,000. Nimepiga hesabu upya mara tatu na bado napata 78,200. Kama asilimia iliyotolewa ni 15, na mimi nimerudisha 15, hizi shilingi 1,800 zimepotelea wapi?

Mzee wa Kirumba

Binti yangu, hesabu hii si ngumu hata kidogo. Chukua 68,000 uzidishe kwa 15, ugawe kwa 100, utapata 10,200. Kisha utoe kwenye 68,000, ubakiwe na 57,800. Hiyo ndiyo bei yako baada ya punguzo la 15%. Nimeuza vitenge kwa miaka mingi na ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote.

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, na ninakushukuru kwa kunijibu. Lakini hiyo 68,000 tayari ni bei iliyokwisha kupunguzwa. Nikifuata njia yako nitakuwa nimepunguza mara ya pili, wakati mimi ninataka kurudi nyuma hadi bei iliyokuwepo kabla ya punguzo.

Karani Mstaafu

Dada, shilingi zako 1,800 hazijapotelea mbali. Jiulize 15% ile ilikuwa ya nini. Tajiri alipopunguza, alitoa 15% ya bei kubwa, yaani ya 80,000, na hiyo ni 12,000. Wewe uliporudisha, ulichukua 15% ya bei ndogo, yaani ya 68,000, na hiyo ni 10,200. Asilimia ni ile ile, lakini kitu kinachopimwa kimebadilika. Tofauti ya 12,000 na 10,200 ndiyo 1,800 unayoitafuta.

Iangalie bei ya lebo kwa jicho jingine. Baada ya kuondoa 15 katika kila mia, kilichobaki ni 85 katika kila mia. Kwa hiyo 68,000 ni asilimia 85 ya bei ya awali. Ukiigawa 68,000 kwa 85 unapata 800, ambayo ni asilimia moja. Ukiizidisha 800 kwa 100 unapata 80,000. Kwenye kikokotoo unaweza kwenda moja kwa moja: 68,000 gawanya kwa 0.85. Kuongeza 15% ni kuzidisha kwa 1.15, na kuzidisha kwa 1.15 hakufuti kazi ya kuzidisha kwa 0.85. Kinachoifuta ni kugawanya kwa 0.85 ile ile.

Na mzee wetu wa vitenge asipuuzwe, kwa maana hesabu yake ndiyo njia ya kuhakiki. Kila ukipata bei ya awali, ipunguze tena kama alivyoeleza yeye uone kama unarudi kwenye lebo. Toa 15% kwenye 80,000 unapata 68,000, sawasawa. Toa 15% kwenye 78,200 unapata 66,470, na hapo unajua papo hapo kwamba umekosea.

Kijana wa Mahesabu

Karani amesema kweli, na mimi hufanya hivyo hivyo kwa kutafuta asilimia moja kwanza. Ninaongeza tu kwamba njia hii inakubali punguzo la aina yoyote. Kama kuna bidhaa ilipunguzwa 20% halafu baadaye ikapunguzwa tena 10%, jumla ni 30%, kwa hiyo lebo ni asilimia 70 ya bei ya awali, unagawa kwa 0.7 na kazi imekwisha.

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Nimeelewa kabisa suala la birika, na ninawashukuru nyote. Ndugu Kijana, umegusa jambo ambalo nilitaka kuliuliza baadaye, kwa sababu tunazo bidhaa za namna hiyo. Kuna mashine ya kusagia matunda ambayo ilipunguzwa 20%, ikakaa wiki mbili bila kununuliwa, ndipo tajiri akaagiza lebo ipunguzwe 10% nyingine. Lebo ya mwisho ni 54,000. Nikigawa kwa 0.7 ninapata 77,142 na senti zake, na sijawahi kuona dukani kwetu bei ya namna hiyo.

Karani Mstaafu

Macho yako yamekuonyesha kosa kabla ya hesabu, na uendelee kuyaamini. Bei za dukani kwa kawaida huishia na 000 au 500, kwa hiyo jibu lenye mkia mrefu linakuambia usimame uulize. Ama asilimia uliyotumia siyo, ama kuna aliyezungusha namba njiani.

Hapa kosa liko kwenye asilimia. Punguzo la pili la 10% halikutolewa kwenye bei ya awali. Lilitolewa kwenye lebo iliyokuwa imekwisha kupunguzwa. Baada ya punguzo la kwanza zilibaki 80 katika kila mia. Asilimia 10 ya hizo 80 ni 8, wala si 10, kwa hiyo zilibaki 72. Gawanya 54,000 kwa 0.72 upate 75,000. Uhakiki kwa kushuka: 75,000 toa 20% ni 60,000, 60,000 toa 10% ni 54,000.

Kama ungependa kupanda ngazi moja moja, anza na punguzo la mwisho: 54,000 gawanya kwa 0.9 ni 60,000, kisha 60,000 gawanya kwa 0.8 ni 75,000. Mimi napendelea kupanda hivi, kwa sababu ile 60,000 ya katikati ni bei iliyowahi kubandikwa kweli, na huenda kuna mtu dukani anayeikumbuka.

Kijana wa Mahesabu

Nimeipiga mwenyewe na nimeona nilipoteleza. Nilizijumlisha asilimia mbili kana kwamba zimetoka kwenye kitu kimoja. Hata hivyo nina swali: kama tangazo dukani lilisema kwa maandishi kwamba ni punguzo la 20% na ziada ya 10%, na yote yakafanyika siku moja, hatuwezi kusema ni 30%?

Karani Mstaafu

Inategemea aliyebandika lebo alikusudia nini, na hesabu peke yake haiwezi kutuambia nia yake. Nimeona maduka yanayohesabu kwa njia zote mbili. Katika kisa cha dada yetu hakuna shaka, kwa sababu punguzo la pili lilikuja wiki mbili baadaye na lilitolewa kwenye lebo. Penye tangazo la siku moja, jaribu namba zote mbili, 0.7 na 0.72, uone ipi inakupa bei inayofanana na bei za duka. Zote mbili zikikupa bei nzuri, basi kamuulize aliyebandika.

Mfanyabiashara wa Pwani

Ndugu zangu, mimi niko Mombasa na nimefuata mazungumzo haya kwa makini, kwa sababu nadhani yananigusa. Kwetu Kenya kodi ya ongezeko la thamani ni 16%, na mimi huuza vipuri kwa bei ambayo kodi imo ndani yake. Nikitaka kujua bei bila kodi, hutoa 16%. Kwa mfano kipuri cha shilingi 58,000 hukitolea 9,280 nikabaki na 48,720. Je, nami nimekuwa nikikosea namna hiyo hiyo?

Karani Mstaafu

Ndiyo ndugu, ila wewe unakosea kutoka upande wa pili. Kodi haikuhesabiwa kwenye 58,000. Ilihesabiwa kwenye bei iliyokuwa bado haina kodi, kisha ikaongezwa. Kwa hiyo 58,000 ni asilimia 116 ya bei unayoitafuta. Gawanya kwa 1.16 upate 50,000, na kodi ni 8,000. Dada yetu wa Mwanza anagawa kwa namba iliyo chini ya moja kwa sababu bei yake ilishushwa, na wewe unagawa kwa namba iliyo juu ya moja kwa sababu bei yako ilipandishwa. Kwa kipuri kimoja umekuwa ukihesabu kodi zaidi kwa 1,280.

Mfanyabiashara wa Pwani

Nimeshtuka kidogo, lakini ni afadhali nimejua leo. Itanibidi nirudie hesabu za miezi kadhaa. Sitauteka uzi wa dada, nitaanzisha wangu.

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Wala hujauteka, kaka. Mimi mwenyewe nimelielewa jambo langu vizuri zaidi kwa kuliona kwako limegeuzwa.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza ni zile bidhaa kumi na moja ambazo nilikwisha kuzibadilishia lebo kwa kuongeza 15%. Lebo za punguzo nilizibandua nikazitupa, kwa hiyo sina 68,000 wala chochote cha namna hiyo. Nina zile bei zangu zenye makosa tu. La pili, nimeanza kuingiza bidhaa zilizobaki kwenye Excel, bei ya lebo safu ya B na asilimia safu ya C, nikaandika hivi:

```
=B2/(1-C2)
```

Kwa birika inaniletea -4,857. Sijui bei inawezaje kuwa chini ya sifuri.

Karani Mstaafu

Nianze na Excel kwa kuwa ni jambo dogo. Fomula yako ni sahihi, lakini kwenye safu ya C umeandika 15 badala ya 15%. Kompyuta imetoa 15 kwenye 1 ikapata hasi 14, kisha ikagawa 68,000 kwa hiyo. Andika 15% pamoja na alama yake, au 0.15, na 80,000 itatokea. Ni bahati kwamba kosa hili hujionyesha lenyewe, tofauti na lile la mwanzo.

Kuhusu bidhaa kumi na moja, usihuzunike, kwa sababu kosa linalofanywa kwa utaratibu mmoja hufutika kwa utaratibu huo huo ukirudishwa nyuma. Ulizidisha lebo ya punguzo kwa 1.15, basi igawe bei yako kwa 1.15 upate lebo uliyoitupa, kisha ugawe kwa 0.85. Kwa birika: 78,200 gawanya kwa 1.15 ni 68,000, gawanya kwa 0.85 ni 80,000. Ila sharti uwe na uhakika kwamba ulipoongeza hukuzungusha namba.

Na niseme kwa nini kosa hili huishi muda mrefu madukani bila kugunduliwa. Ulichokosa ni 15% ya zile 12,000 zilizopunguzwa, yaani asilimia 15 ya asilimia 15, ambayo ni 2.25% tu ya bei ya awali. Kama punguzo lingekuwa 5%, ungekosa robo ya asilimia moja, na nani angeiona? Lakini bidhaa ya 120,000 iliyopunguzwa 30% ikawa 84,000, ukiiongeza 30% inafika 109,200 tu, na hapo umepoteza 10,800. Punguzo likiwa nusu bei, anayeongeza 50% anabaki na robo tatu ya bei ya zamani. Kosa hukua kwa kasi kuliko punguzo lenyewe, na mtu aliyezoea kuongeza kwenye mapunguzo madogo huumia siku anapokutana na kubwa.

Mnunuzi Makini

Mimi si mwenye duka, ni mnunuzi, na ninataka kuuliza kutoka upande wetu. Niliona begi la safari limeandikwa punguzo la 40%, bei 90,000. Kwa njia ya Karani ni 90,000 gawanya kwa 0.6, yaani 150,000. Lakini begi hilo hilo nililiona miezi miwili kabla, duka hilo hilo, kwa 110,000. Hesabu imekosea au mimi nimekumbuka vibaya?

Karani Mstaafu

Hesabu haijakosea, na si lazima kumbukumbu yako iwe imekosea pia. Kugawanya kunakupa bei ambayo punguzo lilihesabiwa kutoka kwake, basi. Hakukuambii kama kuna mtu aliyewahi kulinunua begi kwa bei hiyo. Kama kumbukumbu yako ni sahihi, kutoka 110,000 hadi 90,000 ni punguzo la asilimia 18 na kidogo. Ungekuwa na risiti ya zamani au picha ya lebo ungeweza kumuuliza mwenye duka kwa heshima. Bila hivyo itabaki neno lako na lake.

Mzee wa Kirumba

Nimesoma yote mpaka hapa, nami nimeona kwamba sikulielewa swali la binti yangu tangu mwanzo. Lakini nina jambo moja la kusema. Sisi wauzaji hatuandiki lebo ya shilingi 34,425. Ukipunguza ukapata namba kama hiyo unaiweka 34,500 au 34,000, kutegemea roho yako siku hiyo. Sasa huko kugawanya kwenu kutarudi wapi?

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Mzee wangu, umelisema jambo lenyewe ambalo nimekutana nalo asubuhi ya leo. Bidhaa nyingi zimerudi vizuri, lakini kuna pasi, feni ndogo na seti ya vikombe ambazo zote zina lebo ya 35,500, na zote zilikuwa kwenye punguzo la 15%. Nikigawa kwa 0.85 ninapata 41,764 na senti. Bei zetu zote za zamani ziliishia na 000 au 500. Je, niandike 41,500 au 42,000?

Karani Mstaafu

Swali la mzee ni zito, na jibu lake linategemea tabia ya aliyezungusha. Tujaribu kushuka kutoka kila bei. Ukitoa 15% kwenye 41,500 unapata 35,275. Ukitoa 15% kwenye 42,000 unapata 35,700. Kama mlikuwa mkizungusha kwenda juu kila mara hadi 500 inayofuata, 35,275 inakuwa 35,500 na 35,700 inakuwa 36,000, kwa hiyo bei ya awali ni 41,500. Kama mlikuwa mkishusha kila mara, 35,275 inakuwa 35,000 na 35,700 inakuwa 35,500, kwa hiyo ni 42,000. Lakini kama mlipeleka kwenye 500 iliyo karibu zaidi, zote mbili zinaangukia 35,500, na hakuna hesabu itakayozitenganisha, kwa sababu habari yenyewe ilipotea siku lebo ilipobandikwa.

Kwa hiyo tafuta kwanza tabia. Je, unazo bidhaa ambazo unajua bei ya zamani na lebo ya punguzo, zote mbili?

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Nimepekua nakala za risiti za kabla ya punguzo. Nyingi zimeandikwa "vyombo" tu bila jina la bidhaa, ila nimepata mbili zinazosomeka. Jiko dogo la gesi lilikuwa 46,000, na lebo yake ya punguzo ni 39,000. Hotipoti lilikuwa 27,500, na lebo yake ni 23,500.

Kijana wa Mahesabu

Niruhusuni nilijaribu hili mimi, na Karani anisahihishe. Jiko: 46,000 toa 15% ni 39,100, na lebo ni 39,000, kwa hiyo lilishushwa. Hotipoti: 27,500 toa 15% ni 23,375, na lebo ni 23,500, kwa hiyo lilipandishwa. Moja limeshuka na jingine limepanda, na kila moja limekwenda kwenye 500 iliyo karibu nalo. Basi duka lilikuwa likizungusha kwenda karibu.

Karani Mstaafu

Sina la kusahihisha kwenye hoja, ila risiti mbili ni ushahidi mdogo. Kama lebo zilibandikwa na vijana wawili tofauti, mmoja anaweza kuwa alishusha siku zote na mwingine akapandisha siku zote, na sisi tungeona kitu kile kile. Dada, waulize ni nani alibandika upande wa majiko na nani upande wa vyombo vya meza.

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Nimewauliza. Walikuwa wawili kweli. Mmoja anasema walielekezwa kushusha ili mteja afurahi, na mwingine anasema hakuelekezwa chochote. Hakuna anayekumbuka ni nani aliyebandika pasi, feni na vikombe.

Kwa sasa hali ni hii. Bidhaa zilizorudi kwenye 000 au 500 kamili nimezibandikia lebo baada ya kuhakiki kila moja kwa kushuka, na zile kumi na moja nimezisahihisha kwa kugawa mara mbili; zote zilirudi kwenye bei zinazofahamika. Mashine ya kusagia ni 75,000, na tajiri mwenyewe aliitambua ile 60,000 ya katikati. Zile tatu za 35,500 nimeziweka kando bila lebo, na nimemwomba muuzaji wa jumla wa Kariakoo atutumie picha ya ankara yake. Ankara itatupa bei ya kununulia tu, lakini tajiri anasema kwa pasi na feni huwa anaongeza kiasi kile kile kila mara. Kwa vikombe hana hakika.

Mzee wa Kirumba

Na zile za 30%, binti yangu, umezifikia?

Binti wa Daftari (mleta uzi)

Bado, mzee wangu. Zipo tisa. Nimejaribu moja tu, lebo yake 28,000, ikarudi 40,000 kamili. Lakini nilipojaribu kushuka kutoka 39,500 nikapata 27,650, na kutoka 40,500 nikapata 28,350. Zote mbili zingeweza kuzungushwa hadi 28,000 vile vile. Kwa hiyo hata hiyo 40,000 nimeiandika kwa penseli.